Daftari Lilishtuka Kabla ya Moyo: Kisa cha Mkimbiaji Aliyezidiwa na Mazoezi

Mhusika wa kisa hiki ni mwanamke wa miaka 36, mhasibu, mkazi wa Dar es Salaam, mama wa mtoto mmoja. Ana miaka minne katika klabu ya jogingi ninayoifundisha, na muda wake bora wa nusu marathoni ni saa 2 na dakika 5. Msimu huo alikuwa amejiandikisha kukimbia kilomita 42 kwa mara ya kwanza, pale Moshi, kwenye Kilimanjaro Marathon ambayo kwa kawaida hufanyika Jumapili ya mwisho ya Februari. Ameniruhusu kuandika habari zake kwa sharti kwamba jina lake na mahali pake pa kazi visitajwe.

Aliponijia, wiki moja ya Desemba ilikuwa imebaki na ushei. Lalamiko lake lilikuwa la ajabu kidogo. "Kocha," aliniambia, "saa inaonyesha moyo umetulia, mapigo yangu nikikimbia kasi yameshuka. Ila miguu haitaki kabisa." Alidhani amekuwa na stamina zaidi na kwamba tatizo ni viatu. Nikamwomba daftari lake.

Daftari hilo ndilo uzito wote wa kisa hiki. Tangu mwanzo wa Novemba alikuwa akiandika mambo matatu kila asubuhi: usingizi, hamu, na mapigo ya moyo akiwa bado kitandani. Aliyaandika kwa uaminifu bila kuyasoma. Ukurasa ulipojaa aliufunua mwingine, basi.

Kwanza jinsi alivyopima, kwa sababu namba iliyopimwa ovyo haifai kubishaniwa. Aliamka, akazima kengele, akatulia chali kwa dakika mbili, maana kengele yenyewe hushtua moyo na mapigo ya sekunde hizo za kwanza ni ya uongo. Kisha akaweka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba, akahesabu kwa dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Tatizo ni kwamba ukikosea pigo moja, unakuwa umekosea manne, na katika kazi hii tofauti ya mapigo manne au matano ndiyo tunayoitafuta. Saa yake ya mkononi ilikuwa na namba yake pia, lakini saa nyingi hutoa wastani wa usiku au mapigo ya chini kabisa ya usiku, ambayo huwa chini kuliko ya asubuhi yaliyohesabiwa kwa vidole. Yoyote kati ya hizo inafaa, mradi mtu achague moja na kukaa nayo. Ukichanganya leo saa kesho vidole, umejitengenezea mabonde na milima ambayo mwilini hayapo.

Usingizi aliupa alama 1 hadi 5, si kwa saa alizolala tu bali kwa jinsi alivyoamka. Hamu nayo 1 hadi 5, na swali lake lilikuwa moja: leo nataka kukimbia? Nalipenda swali hilo kuliko lile la "una furaha?", ambalo Mswahili aliyelelewa vizuri atalijibu "namshukuru Mungu" hata kama nyumba inaungua. Na jambo dogo lenye maana kubwa: aliandika alama za usingizi na hamu kabla ya kuhesabu mapigo. Mtu akishaona mapigo yamepanda, ghafla anakumbuka kwamba hakulala vizuri.

Novemba ilikuwa shwari. Mapigo yake ya asubuhi yalikuwa wastani wa 56, yakichezea kati ya 53 na 59. Usingizi ulikuwa 4 karibu kila siku, hamu 4, mara mojamoja 5. Ule mchezo wa 53 hadi 59 nao ulikuwa na mpangilio: siku zilizotangulia hedhi mapigo yalisimama kwenye 58 au 59, na hedhi ilipoanza yakashuka ndani ya siku mbili hivi hadi 54 au 55. Hilo ni jambo la kawaida kwa wanawake wengi. Baada ya yai kupevuka joto la mwili hupanda kidogo, na mapigo ya mapumziko hupanda nalo kwa mawili hadi manne. Kocha asiyelijua hilo atampumzisha mwanamke mzima kila mwezi bila sababu, au mbaya zaidi, atazoea kupuuza kila ongezeko.

Sasa mazoezi yenyewe. Klabuni tunapima mzigo kwa njia aliyoieneza mtafiti wa Marekani Carl Foster: nusu saa hivi baada ya mazoezi mtu anasema yalikuwa magumu kiasi gani kwa alama 0 hadi 10, kisha alama hiyo inazidishwa kwa dakika. Wiki ya kawaida ya Novemba ilikuwa hivi kwake: mbio nyepesi ya dakika 45 kwa ugumu wa 4, mbio za kasi dakika 60 kwa 6, nyepesi nyingine dakika 45 kwa 3, na mbio ndefu ya Jumamosi dakika 110 kwa 5. Jumla ni 1,225. Siku tatu zilikuwa za mapumziko.

Desemba ilipoingia, alijiunga na kundi la marafiki wanaokimbia alfajiri kupitia Daraja la Tanzanite na kurudi. Wiki ya kwanza mzigo ulifika karibu 1,900. Wiki ya pili aliandika hivi: dakika 60 kwa ugumu wa 6, tena 60 kwa 6, tena 60 kwa 7, kisha 45 kwa 6, na mbio ndefu ya dakika 150 kwa 7. Jumla 2,460, maradufu ya mwezi uliotangulia, na wiki ya tatu ikawa hivyohivyo. Lakini kilichonishtua zaidi ya jumla ni kwamba hakuna siku iliyokuwa nyepesi. Ile ya dakika 45, ambayo zamani ilikuwa 3 au 4, sasa ilikuwa 6, kwa sababu kundi lile halijui kukimbia taratibu. Kila asubuhi yupo anayetaka kuwaacha wenzake. Foster mwenyewe alionyesha kwamba mzigo uleule ukisambazwa sawasawa kila siku, bila kupanda na kushuka, huchosha na kuuguza zaidi kuliko ukiwa na siku ngumu na siku nyepesi hasa.

Juu ya hayo, ili awahi kundi alikuwa akiamka saa kumi kamili alfajiri, na kazini walikuwa wakifunga hesabu za mwaka. Alirudi nyumbani saa mbili usiku. Kifungua kinywa kilisogea hadi chai ya saa nne ofisini. Mwili hauna akaunti mbili, moja ya mazoezi na nyingine ya ofisi. Vyote vinatolewa mfuko mmoja.

Nilipoketi na daftari, nilianza na safu ya hamu. Wiki ya kwanza ya Desemba, siku ya tano, ilikuwa imeshuka kutoka 4 hadi 3, na haikupanda tena. Mapigo wiki hiyo yalikuwa 56, 55, 57, 56, 58, 55, 56. Yaani hakuna kitu. Mtu anayetazama moyo peke yake angesema mwili umeupokea mzigo mpya bila shida.

Wiki ya pili usingizi ulianguka. Kuna mstari mmoja wa Jumanne ambao niliusoma mara mbili: "Usingizi 2. Nimeamka saa nane na nusu, moyo unadunda, sikurudi kulala. Hamu 2. Nimemfokea mtoto kwa sababu ya soksi. Mapigo 58." Siku zilizofuata zinafanana: analala kama gogo saa nne, anaamka kati ya saa nane na saa tisa, anageukageuka hadi kengele ilie. Mapigo ya wiki nzima yalikuwa 57, 58, 56, 59, 58, 57, 59. Wastani wake ni karibu 58. Umepanda kwa mawili, lakini kila namba bado imo ndani ya ile 53 hadi 59 ya kawaida yake, tena ni wiki ambayo mwezi uliopita pia ilikuwa ya juu. Kwa hiyo bado moyo haukuwa umesema neno la kumfanya mtu ashtuke, wakati hamu ilikuwa na siku kumi ikisema.

Mpangilio huu, hamu kwanza, usingizi baadaye, mapigo mwisho, si wa kila mtu, ila si wa kubahatisha pia. William Morgan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walifuatilia waogeleaji kwa takriban miaka kumi, na mwaka 1987 wakaeleza kwamba hali ya moyo wa mtu, kwa maana ya hisia zake, ilizidi kuharibika kadiri umbali wa kuogelea ulivyoongezwa, na ikatengemaa mzigo ulipopunguzwa. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walipitia tafiti 56 zilizolinganisha maswali ya aina hii na vipimo vya damu, homoni na moyo. Walikuta majibu ya mtu mwenyewe yanafuata mzigo wa mazoezi kwa karibu kuliko vipimo hivyo. Makocha wengi hawapendi kusikia hili, kwa sababu namba ya mashine inaonekana ya kisayansi na neno la mwanafunzi linaonekana uvivu.

Kwa nini usingizi wa mtu aliyechoka uharibike, badala ya kuwa mzito zaidi? Uchovu wa kiasi humlaza mtu vizuri. Uchovu uliopita kiasi huuacha upande wa neva unaoandaa mwili kwa mapambano ukiwa umewashwa hata usiku: adrenalini iko juu, joto la mwili halishuki inavyotakiwa, mtu anapata usingizi wa mwanzo kwa kuishiwa nguvu kisha anazinduka katikati. Ndiyo maana mimi huuliza "uliamka saa ngapi na ulirudi kulala?" kabla ya kuuliza "ulilala saa ngapi?".

Wiki ya tatu mapigo nayo yakaondoka. Jumatatu 60, kisha 61, 63, 62, 64, 61, na Jumapili 63. Wastani 62, juu ya kawaida yake kwa sita. Hapo ndipo kazi halisi ya uchambuzi inapoanza, kwa sababu mapigo ya asubuhi hupandishwa na mambo mengi, na kusema "umezidisha mazoezi" kabla ya kuyaondoa mengine ni kupiga ramli.

Joto lilikuwa mshukiwa wa kwanza. Desemba ya Dar usiku haupoi, na umeme ukikatika feni inasimama. Lakini wenzake wawili klabuni wanaoandika daftari kama lake, wanaokaa maeneo yaleyale, walikuwa wamepanda kwa pigo moja au mawili tu. Joto lilichangia, halikutosha.

Hedhi ilikuwa mshukiwa wa pili, na hapa daftari la Novemba lilitusaidia sana. Hedhi ilianza Alhamisi ya wiki ile ya tatu. Kwa kawaida yake mapigo yangeshuka kufikia Jumamosi. Yalikuwa 61, na Jumapili 63. Basi si hiyo.

Kisha maradhi. Kwetu huku mtu mwenye uchovu, usingizi mbovu na moyo unaokwenda mbio hapaswi kuambiwa "pumzika" kabla hajapima malaria. Alipima kwa kipimo cha haraka, hana. Joto la mwili asubuhi lilikuwa 36.6, hana homa. Nilimtuma pia hospitali akapime damu, maana upungufu wa damu au wa madini ya chuma hufanana mno na hali hii, hasa kwa mwanamke anayekimbia. Hemoglobini ilikuwa 12.6, juu ya kikomo cha 12 kinachotumika kwa mwanamke asiye mjamzito. Akiba ya chuma haikuwa chini, na tezi ya thairoidi, ambayo ikizidisha kazi hupandisha mapigo na kumnyima mtu usingizi, ilikuwa sawa. Daktari akamuuliza kuhusu dawa, kahawa na pombe. Kahawa ilikuwa imeongezeka kutoka kikombe kimoja hadi vitatu, cha mwisho saa kumi jioni. Hiyo tuliiandika pembeni kama mchangiaji, na pia kama dalili: alikuwa anainywa ili afike jioni.

Sasa turudi kwenye lile fumbo la saa yake. Mwezi Novemba alikimbia dakika 20 za kasi kwa mwendo wa dakika 5 na sekunde 40 kwa kilomita, mapigo wastani 168, ugumu akaupa 6. Wiki ya tatu ya Desemba alikimbia dakika 20 zilezile, njia ileile: mapigo wastani 158. Hapo ndipo alipofurahi. Lakini mwendo ulikuwa dakika 6 na sekunde 2, na ugumu aliupa 8. Yaani alijisukuma zaidi, akaenda taratibu zaidi, na moyo haukupanda kumfuata.

Hii ni mojawapo ya alama ninazoziamini, na ndiyo inayopotosha watu wengi wenye saa. Mkimbiaji aliyechoka sana anaweza kuwa na mapigo ya juu kitandani na mapigo ya chini barabarani. Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba moyo uliooga adrenalini kwa wiki kadhaa huanza kuitikia kidogo unapoitwa kufanya kazi kubwa. Mapigo yaliyoshuka ni habari njema iwapo mwendo ni uleule au umeongezeka na ugumu umepungua. Yakishuka huku mwendo umeshuka na ugumu umepanda, habari ni kinyume chake. Mapigo bila mwendo na bila ugumu hayana maana yoyote.

Nikamwambia hivi: "Dada, viatu vyako havina kosa. Wiki hii hukimbii." Alinijibu kwamba zimebaki wiki tisa tu za kufika Moshi. Jibu hilo nimelisikia kwa karibu kila mtu aliyefika hapo, na kwa kweli hesabu yake ni sahihi. Ila wiki tisa za kukimbia kwa ugumu wa 8 na mwendo wa 6:02 hazimpeleki mtu popote.

Mpango wa siku saba haukuwa na ufundi mkubwa. Siku tatu hakuna kitu, hata gimu, hata "kunyoosha miguu kidogo". Kisha siku tatu za kutembea dakika 30 jioni. Kengele ikarudi saa kumi na moja na nusu. Kahawa moja, kabla ya saa sita mchana. Chakula asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, uji na ndizi au chapati na mayai, kwa sababu nilishuku kwamba sehemu ya tatizo ilikuwa njaa. Mtu aliyeongeza mazoezi maradufu bila kuongeza sahani anaonyesha dalili zilezile za kuzidisha mazoezi, na mara nyingine mazoezi hayana kosa lolote, ni wali haujatosha. Kwake hedhi ilikuwa inakuja kwa wakati na uzito haukuwa umepungua sana, kwa hiyo sikuwa na hofu kubwa. Ingekuwa imekosekana miezi mitatu, ningezungumza habari nyingine kabisa, na ingekuwa ya daktari.

Mapigo yalirudi upesi ajabu. Siku ya nne asubuhi yalikuwa 57. Siku ya tano 56. Marafiki wa darajani walikuwa tayari wanampigia simu, na yeye akaniandikia kwamba moyo umerudi, aanze? Niliangalia safu nyingine mbili. Usingizi 3. Hamu 2.

Hapa ndipo watu wanaotumia mapigo peke yao wanapoumia mara ya pili. Kwake mapigo ya asubuhi yalikuwa ya mwisho kupanda na ya kwanza kushuka, kwa hiyo yalichelewa kuonya na yakawahi kuruhusu. Siku ya saba tulifanya jaribio dogo: dakika 35, kumi za mwisho kwa kasi yake ya zamani. Alimaliza, akasema si mbaya. Asubuhi iliyofuata mapigo yalikuwa 62, usingizi 2, na miguu mizito kama mtu aliyekimbia kilomita 30. Mkimbiaji aliyepona hapandi mapigo sita kwa dakika kumi za kasi. Tukarudi nyuma siku saba nyingine, matembezi na mbio fupi tatu za dakika 25, kwa mwendo ambao angeweza kupiga soga bila kukata pumzi.

Usingizi ulifika 4 na kukaa hapo siku za mwanzo za Januari, ofisi ilipokuwa imemaliza kufunga hesabu. Sitaki kudai kwamba mapumziko ya mbio peke yake ndiyo yaliyomponya; ofisi ilipotulia, naye alitulia. Hamu ilichelewa zaidi, ikarudi 4 tarehe 9. Siku hiyo aliandika kwamba aliona watu wanakimbia akiwa ndani ya daladala na akatamani kushuka. Nikampa ruhusa ya kuanza tarehe 12, kwa mzigo wa 700 kwa wiki, ukipanda polepole, na siku mbili za wiki zikiwa nyepesi kwelikweli.

Tarehe 20 Januari alirudia zile dakika 20 za kasi. Mwendo 5:41, mapigo 168, ugumu 6. Kwangu hapo ndipo alipopona, si ile siku ya nne mapigo yaliporudi 57. Kati ya siku alipoacha kukimbia na siku hiyo zilikuwa zimepita wiki nne na siku moja.

Hali hii iitweje? Mwaka 2013 taasisi mbili kubwa za sayansi ya michezo, ya Ulaya na ya Marekani, zilitoa tamko la pamoja linalogawa jambo hili katika ngazi tatu. Ya kwanza ni uchovu wa makusudi: mtu anashuka kwa siku au wiki chache, anapumzika, anarudi akiwa imara kuliko mwanzo. Ya pili ni uchovu usio na faida, ambao kurudi huchukua wiki hadi miezi na mtu akirudi anakuta pale alipopaacha. Ya tatu ndiyo maradhi yenyewe ya kuzidisha mazoezi, ambayo huchukua miezi, wakati mwingine zaidi, na huthibitishwa baada ya kuondoa kila ugonjwa mwingine. Hakuna kipimo cha asubuhi kinachokuambia uko ngazi ipi. Kinachotenganisha ngazi hizo ni muda wa kurudi, na muda hujulikana ukishapita. Huyu wetu ninamweka mwanzoni mwa ngazi ya pili: wiki nne, alirudi palepale alipokuwa Novemba, hakuzidi. Angeendelea na kundi la alfajiri hadi katikati ya Januari, sidhani kama tungezungumza habari za wiki.

Moshi alikwenda, lakini kwa kilomita 21. Alizikimbia kwa saa 2 na dakika 9, na mwenye kuijua ile njia inayopanda kuelekea mlimani hataudharau muda huo.

Baada ya hapo tulibadili namna ya kusoma daftari. Mapigo hatuyaangalii ya siku moja, tunaangalia wastani wa siku saba. Siku moja ya 63 inaweza kuwa samaki wa kukaanga wenye chumvi nyingi na usiku usio na umeme. Wastani ukipanda kwa matano au zaidi juu ya kawaida ya mtu mwenyewe, na haujaelezwa na homa, hedhi, joto au safari, mzigo unapunguzwa nusu. Lakini hatusubiri ufike huko. Hamu ikishuka alama moja chini ya kawaida kwa siku tano mfululizo, mbio ngumu inayofuata inageuzwa kuwa nyepesi. Ikishuka pamoja na usingizi, wiki nzima inakuwa nyepesi, hata kama moyo unasema 56. Kwa kipimo hicho yeye angepunguza mwendo kabla ya tarehe 12 Desemba, na pengine angelipa kwa siku nne badala ya wiki nne.

Kanuni hizi zina mipaka. Hazifai kwa mtu ambaye hana kawaida yake iliyoandikwa angalau wiki mbili akiwa mzima na mzigo wake ni mwepesi; kulinganisha 62 yako na 56 ya jirani ni kazi bure. Zinavurugika kwa mtu mwenye mtoto mchanga, kwa mlinzi wa zamu za usiku, kwa aliyepanda kutoka pwani kwenda Iten au Arusha, ambako mwinuko wenyewe hupandisha mapigo siku za mwanzo. Kwa aliyechoka miezi mingi mapigo ya asubuhi yanaweza kuwa ya kawaida kabisa au hata ya chini, kwa hiyo moyo uliotulia si hati ya kuachiwa huru. Hamu iliyozama kwa wiki nyingi bila kurudi hata mtu akiacha mazoezi inaweza kuwa sonona, ambayo ina tiba yake na haihusiani na ratiba ya mbio. Na mapigo ya mapumziko yanayozidi 100, moyo unaorukaruka, maumivu ya kifua au kuzimia wakati wa mazoezi hayaandikwi daftarini kwanza. Hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Yeye bado anaandika. Mapigo anayaachia saa siku hizi, kwa kuwa amechoka kuhesabu. Usingizi na hamu anaviandika kwa mkono. Ameongeza safu ya nne ambayo mimi sikumwambia, yenye neno moja tu kila siku: "nimefoka" au "sijafoka". Ninapopewa daftari, naanza kusoma na hiyo.